Folda Kubwa Ikikatizwa Katikati: Usiulize "Imepotea?", Uliza "Imegawanyika Vipi?"

Nimechoka na makundi mawili ya washauri wa kompyuta. La kwanza husema ukifanya Cut kwa folda kubwa na stima ipotee katikati, basi kila kitu kimeenda na maji. La pili husema usijali, kompyuta ina akili, haiwezi kufuta asili kabla nakala haijakamilika. Utawakuta wote kwenye saiba, ofisini, hata kwa fundi unayemlipa. Wote wanakosea, na makosa yao ndiyo yanayofanya watu wapoteze faili ambazo, dakika tano baada ya ajali, zilikuwa bado zipo zote.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Folda kubwa inayokwenda diski nyingine haifai kuhamishwa kwa amri moja. Inanakiliwa, inakaguliwa, halafu asili inafutwa kwa amri ya pili, na mtu aliye macho. Folda inayobaki ndani ya diski ileile, ihamishe tu bila woga.

Jina moja, kazi mbili

Unapohamisha folda ndani ya diski moja, kwa mfano kutoka Downloads kwenda Documents kwenye C: ileile, hakuna picha wala barua inayosogea. Kinachobadilika ni mstari mmoja kwenye rejista ya mfumo wa faili. Ni kama kubadilisha jina la mwenye shamba kwenye masjala ya ardhi: shamba lenyewe halisogei hata inchi. Ndiyo maana folda ya GB 50 huhama kwa kupepesa jicho. Kwenye mifumo yenye shajara, kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, stima ikipotea wakati huo utaikuta folda mahali pa zamani au mahali papya. Hutaikuta nusu huku, nusu kule.

Ukihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, mambo ni tofauti kabisa, japo neno la kwenye menyu ni lilelile. Rejista ya diski moja haina mamlaka juu ya diski nyingine. Kwenye Linux, amri ya `mv` hujaribu kwanza kubadilisha jina, na kerneli huikataa kwa kosa liitwalo `EXDEV`. Hapo `mv` huanza kazi nyingine isiyokutangazia: inanakili, halafu inafuta. Windows nayo ni vivyo hivyo. Maelezo ya Microsoft kuhusu `MoveFileEx` yanasema wazi kwamba kupeleka faili kwenye diski nyingine ni kuiga tu kuhamisha, kwa kutumia kazi ya kunakili na kazi ya kufuta.

Na usidanganyike na C: na D: zilizo kwenye laptopu moja. Hata kama ni chuma kimoja, kila herufi ina rejista yake. Kutoka C: kwenda D: ni safari ya diski mbili.

Kwa hiyo swali la maana ni moja tu: mashine inafuta lini? Inafuta baada ya kila faili, au inasubiri folda nzima iishe? Hapo ndipo makundi yangu mawili huanguka, kwa sababu jibu hutegemea programu unayotumia.

Stima inapotea kwenye picha ya 600

Chukua mpiga picha wa harusi. Ana folda iitwayo `picha`, yenye faili 1,200, kila moja MB 8. Jumla ni kama GB 9.6. Anaihamishia kwenye flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde, kwa hiyo kazi nzima itachukua dakika 16. Dakika ya nane stima inapotea, na betri ya laptopu yake ilikufa zamani. Harusi haiwezi kurudiwa. Nini kiko wapi?

Kama alitumia Windows Explorer, Cut halafu Paste, folda imegawanyika. Explorer huhamisha faili moja moja: inanakili ya kwanza, inaifuta kwenye asili, inaenda ya pili. Tuseme ilifuata namba. Basi picha ya 1 hadi ya 599 ziko kwenye flashi peke yake, na kwenye laptopu hazipo tena. Ya 601 hadi 1,200 ziko kwenye laptopu peke yake. Ya 600 ni nzima kwenye laptopu na nusu kwenye flashi. Hakuna diski hata moja yenye harusi nzima, lakini ukijumlisha pande mbili, harusi ipo.

Kama alitumia Linux na kuandika amri hii:

```
mv picha /media/flash/
```

matokeo ni kinyume. `mv` ya GNU hunakili folda yote kwanza, na haigusi asili mpaka nakala ya folda nzima ifaulu. Laptopu bado ina picha zote 1,200, na flashi ina kama nusu yake. Nusu hiyo haifuati namba, kwa hiyo usitarajie kuona ya 1 hadi ya 600. Hata kama badala ya stima kupotea angechomoa flashi, `mv` ingelalamika kwamba imeshindwa kuandika na kuiacha asili ilivyo.

Sasa ona jinsi alama moja tu inavyogeuza kisa:

```
mv picha/* /media/flash/picha/
```

Nyota ile hufunguliwa kabla `mv` haijaanza kazi, na kila picha hupewa `mv` kama mzigo unaojitegemea. Ahadi ya kutogusa asili mpaka mzigo wote ufike sasa ni ya picha moja moja. Umerudi kwenye tabia ya Windows bila kujua: nusu huku, nusu kule. Yule anayekuambia Linux haifuti mpaka imalize hajawahi kuifikiria nyota hiyo.

Kuna hali ya tatu. Nakala imekamilika, `mv` imeanza kufuta asili, na hapo ndipo stima inapotea. Sasa flashi ina faili 1,200 na laptopu ina, tuseme, 300. Ukitazama haraka, hali hii inafanana na ile ya kwanza ya Linux: folda mbili, moja kubwa, moja ndogo. Tofauti ni kwamba safari hii kubwa ni nakala na ndogo ni asili. Mtu aliyekariri kwamba kwa Linux asili huwa salama na nakala ya flashi inaweza kufutwa tu, akiifuta, anaangamiza picha 900.

Ukubwa wa faili si ushahidi

Turudi kwa picha ya 600, ile iliyokatwa katikati. Ukibonyeza Cancel, Explorer hujisafisha na kuondoa kipande kilichokuwa kinaandikwa. Lakini stima haibonyezi Cancel. Kipande hubaki.

Windows inaponakili, kwanza hutenga nafasi yote ya faili kwenye diski ya pili, halafu ndipo inaijaza. Kwa hiyo kipande kilichokatwa kinaweza kuonyesha MB 8 kamili, sawasawa na asili, huku ndani kikiwa na MB 3 za picha na kinachobaki ni sifuri tupu. Ukilinganisha ukubwa utasema ni sawa. Ukiifungua, utamwona bibi harusi mpaka kifuani, na chini yake ukanda wa kijivu.

Kwenye `mv` ya Linux faili hukua inavyoandikwa, kwa hiyo kipande mara nyingi huwa kifupi. Pia kina alama nyingine: `mv` hurudisha tarehe ya asili kwenye nakala baada tu ya kumaliza faili hiyo. Picha za harusi ya Jumamosi zikiwa zimebeba tarehe ya Jumamosi, na moja ikabeba tarehe na saa ya stima kupotea, umeshapata majeruhi wako.

Nakala ambayo bado iko hewani

Mpaka hapa hakuna kilichopotea kabisa. Upotevu wa kweli, usio na rudio, huja pale ambapo wengi huona kazi imekwisha.

Mfumo wa uendeshaji hauandiki moja kwa moja kwenye flashi yako. Huweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kisha huijibu programu kwamba imekwisha kuandika, halafu hupeleka data polepole. Linux kwa kawaida huruhusu data iliyo njiani kufikia karibu asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Kwenye laptopu ya GB 8 hiyo inaweza kupita GB 1. Kwa flashi yetu ya MB 10 kwa sekunde, GB 1.2 ni dakika mbili nzima.

Sasa weka hilo pamoja na kufuta. `mv` imeambiwa nakala imekamilika. Inafuta asili. Kufuta kunafanyika kwenye diski ya ndani iliyo na kasi, na ext4 huandika mabadiliko ya rejista yake kila baada ya sekunde 5 hivi. `mv` haisubiri flashi ithibitishe chochote. Kidokezo cha amri kinarudi, mtu anaona kazi imeisha, anachomoa flashi. Asili imefutwa kwelikweli, na nakala ya picha 150 za mwisho ilikuwa ndani ya RAM tu. Hapo hakuna nusu huku, nusu kule. Picha hizo haziko popote.

Kwa Windows, tangu toleo la 1809 la Windows 10 mwaka wa 2018, diski za nje hupewa kwa kawaida mpangilio wa `Quick removal`, unaopunguza hatari hii. Lakini aliyebadilisha kuwa `Better performance` ili apate kasi amejirudishia hatari ileile mwenyewe.

Na usitegemee programu za kufufua faili. Kama asili ilikuwa kwenye SSD, Windows tangu toleo la 7 la mwaka wa 2009 huiambia SSD mara moja kwamba sehemu ile haihitajiki tena, nayo SSD huisafisha. Unachofufua ni jina la faili lenye sifuri ndani.

Muuaji ni hatua inayofuata

Ukiondoa kisa hicho cha RAM, ajali yenyewe mara nyingi haiui. Anayeua ni mtu anayerudi stima iliporudi na kuamua kuanza upya vizuri.

Anaona folda `picha` kwenye laptopu, anasema asili bado ipo, anafuta ile ya flashi ili arudie. Kwa Explorer, amefuta nakala pekee ya picha 599. Au anaona `picha` kwenye flashi, anasema imeshafika, anafuta ya laptopu. Amefuta nakala pekee ya picha 601. Jina la folda ni lilelile pande zote mbili, na jina halihesabu faili.

Mwingine hurudia Paste, na Windows inamuuliza afanye nini na faili iliyopo pande zote mbili. Anachagua `Skip` kwa kuogopa kuharibu. Kosa! Kumbuka kanuni: asili haifutwi kabla mashine haijaamini nakala yake imekamilika. Kwa hiyo faili iliyo pande zote mbili baada ya kukatizwa, ya kuaminika ni ile ya asili. Chagua `Replace`. Ukichagua `Skip` umekibakisha kipande, na siku utakayofuta asili, kipande ndicho kitakuwa picha yako.

Wa tatu ni mjuaji zaidi, na ndiye hatari kuliko wote. Anatumia `robocopy` na `/MIR`, au `rsync` na `--delete`, ili pande mbili zifanane. Amri hizo hufanya upande wa pili kuwa kioo cha upande wa kwanza, na kisichokuwepo kwenye asili hufutwa kwenye nakala. Asili imebaki na picha ya 600 hadi 1,200. Kioo kitafuta 1 hadi 599 kwenye flashi, kwa utiifu na kwa kasi.

Kwa haki, `mv` yenyewe ina busara hapa. Ukirudia amri ileile huku folda yenye vitu ikiwa tayari upande wa pili, hugoma:

```
mv: inter-device move failed: 'picha' to '/media/flash/picha'; unable to remove target: Directory not empty
```

Watu husoma ujumbe huo kama usumbufu na kukimbilia `rm -rf` upande wa flashi. Usikimbie. Hesabu asili kwanza. Asili ikiwa na zote 1,200, ulikatizwa wakati wa kunakili. Asili ikipungua hata moja, kufuta kulikuwa kumeshaanza, na sasa folda ya flashi ni mali ya kulindwa.

Namna ya kutoka

Njia ni moja kwa hali zote tatu, na uzuri wake ni kwamba hata ukikosea kutambua ulikatizwa wapi, haifuti chochote. Nakili kilichobaki kwenye asili kwenda kwenye nakala, juu ya kilichopo. Kwa Linux:

```
rsync -rt picha/ /media/flash/picha/
sync
```

Kwa Windows:

```
robocopy D:\picha E:\picha /E
```

Faili zilizopo flashi tu hazitaguswa. Zilizopo laptopu tu zitafika. Kipande chenye ukubwa au tarehe tofauti kitaandikwa upya kutoka kwa asili nzima. Mwisho, hesabu upande wa flashi: zitimie 1,200.

Halafu toa flashi kwa utaratibu, ichomoe, ichomeke tena, ndipo ukague. Usiruke hatua hiyo. Ukikagua bila kuchomoa, kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyo kwenye RAM, na utakuwa umelinganisha asili na kivuli chake. Ukaguzi wenyewe usome yaliyomo ndani ya faili:

```
rsync -rnci picha/ /media/flash/picha/
```

Amri hiyo haibadilishi kitu. Isipochapisha chochote, kila faili iliyo kwenye asili ina pacha wake kamili. Kwa Windows, `fc /b D:\picha\*.JPG E:\picha\*.JPG` hulinganisha baiti kwa baiti. Kwa picha ambazo asili yake ilishafutwa huna cha kulinganisha nacho, kwa hiyo zifungue kwa macho, hasa zile za mwisho kuandikwa kabla ya ajali. Baada ya hapo, na si kabla, futa asili.

"Lakini kunakili kunakula nafasi na muda"

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na haina miguu. Kati ya diski mbili, flashi inahitaji GB 9.6 ukihamisha na GB 9.6 ukinakili. Muda wa kunakili ni dakika 16 kwa njia zote mbili, kwa sababu kuhamisha ndiko kunakili. Unachookoa kwa Cut ni kubonyeza Delete mara moja. Unacholipa ni kuiachia mashine uamuzi wa kufuta, tena kabla hujaiona nakala.

Na wale wa "usifanye Cut kamwe" nao watulie. Anayenakili GB 50 kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, kisha akafuta, amegeuza kazi ya kuandika mstari mmoja wa rejista kuwa safari ndefu yenye nafasi ya kukatizwa. Amejitafutia hatari ambayo haikuwepo.

Lawama yangu ya mwisho ni kwa sisi tunaotengeneza programu. Tumeweka neno moja kwenye menyu kwa kazi mbili zisizofanana, na kazi hiyo ikikatizwa tunaacha folda mbili zenye jina moja bila hata mstari mmoja wa kumwambia mwenye mali: 599 zimefika, 601 zimebaki, moja imekatika. Programu ilikuwa inahesabu muda wote ikichora ule mstari wa kijani. Kama iliweza kuandika asilimia kwenye skrini, ingeweza kuandika orodha hiyo kwenye diski pia, na mpiga picha akaikuta stima iliporudi.